Chaneli, Nyuzi na Arifa: Kupanga Mazungumzo ya Ofisi Ndani ya Slack

Slack ni programu ya mazungumzo ya kazini iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2014. Walioitengeneza walikuwa wanaunda mchezo wa mtandaoni uitwao Glitch. Mchezo ulikosa wachezaji wa kutosha ukafungwa, lakini chombo walichokuwa wamejitengenezea ili kuwasiliana wao kwa wao ndicho kilichogeuka kuwa biashara, na tangu mwaka 2021 ni mali ya Salesforce. Ofisi nyingi zinazoijaribu huwa zimechoshwa na makundi ya WhatsApp, na nyingi hushindwa kwa sababu moja: huhamisha kundi lilelile, na tabia zilezile, hadi kwenye programu nyingine. Tofauti ya Slack ni mambo matatu yanayotegemeana. Mazungumzo hugawanywa kwa kazi, katika chaneli. Ndani ya chaneli kila jambo hupewa uzi wake. Kisha kila mtu huamua mwenyewe kipi kimpigie kengele na kipi kimsubiri. Chaneli zikipangwa ovyo, nyuzi hazifuatwi. Nyuzi zisipofuatwa, arifa humwagika, na watu huzima simu.

Mfano unaofaa kufuatwa ni ofisi ya wakala wa forodha jijini Dar es Salaam yenye watu 18. Baadhi wako dawati la nyaraka, baadhi hushinda bandarini, wawili wako mpakani Tunduma, wengine ni wahasibu, na juu yao kuna uongozi. Ofisi hugomboa makontena ya wateja wa ndani na kusafirisha mizigo inayopita kwenda Zambia na Lubumbashi. Kazi yao yote ina tarehe za mwisho: kontena lina siku chache za kukaa bandarini bila malipo, na zikiisha tozo huhesabiwa kila siku. Katika kundi moja la WhatsApp, picha ya hati ya kuachiliwa mzigo hubanwa kati ya salamu za asubuhi, mchango wa msiba na video ya kuchekesha. Aliyetakiwa kuiona huiona jioni, akijitetea kuwa hakujua inamhusu. Mara nyingi anasema kweli.

Kufungua eneo la kazi ndani ya Slack ni kazi ya dakika chache kwa anuani ya barua pepe, lakini kuna uamuzi mmoja wa kufanywa kabla ya kumwalika mtu yeyote. Mpango wa bure huonyesha jumbe na mafaili ya siku 90 zilizopita tu. Ya zamani zaidi hufichwa, na yaliyozidi mwaka mmoja hufutwa kabisa. Kwa wakala wa forodha hilo si jambo dogo, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 humruhusu afisa kudai nyaraka za mzigo ndani ya miaka 5. Kwa hiyo ama ofisi ilipie, ama ikubali tangu siku ya kwanza kwamba Slack ni mahali pa kuzungumzia nyaraka, si pa kuzihifadhi. Njia ya pili ndiyo bora hata kwa anayelipia. Ankara, hati ya mzigo na risiti ya malipo huwekwa kwenye folda ya ofisi, na kinachobandikwa kwenye Slack ni kiungo cha kuifikia folda hiyo. Anayeruhusu nakala za nyaraka zizagae ndani ya mazungumzo atakuja kuwa na nakala tatu za ankara moja, bila kujua ipi ndiyo iliyopelekwa forodhani.

Baada ya hapo ni chaneli. Majina yake huandikwa kwa herufi ndogo, bila nafasi wala nukta, na vistari vinaruhusiwa. Kwa kuwa orodha hupangwa kwa alfabeti, jina lianze na kifupisho cha aina ya kazi ili chaneli za jamii moja zikae pamoja. Ofisi ya watu 18 haihitaji zaidi ya hizi:

```
#matangazo
#dharura
#mz-bandari
#mz-tunduma
#of-malipo
#of-mifumo
#soga
```

Ya kwanza ni ile chaneli ya watu wote ambayo Slack huiunda yenyewe na ambayo hakuna mwanachama anayeweza kujiondoa. Inabadilishwa jina, na mwenye eneo la kazi anapunguza wanaoruhusiwa kuandika humo wabaki viongozi wawili watatu. Chaneli za `mz` ni za mizigo. Za `of` ni za shughuli za ndani: maombi ya malipo, na taarifa kwamba mfumo wa forodha umegoma au mtandao wa ofisi umekatika. `#dharura` itaelezwa mbele. `#soga` ni ya harusi, misiba, mpira na vichekesho, na isidharauliwe. Ofisi isiyo na mahali pa soga hupiga soga kwenye chaneli ya mizigo. Zaidi ya hizo kuna chaneli za faragha, kama ya uongozi, ambazo asiyealikwa hazioni hata kwenye orodha.

Swali linalozuka ndani ya wiki ya kwanza ni kama kila mteja apewe chaneli yake, au hata kila mzigo. Kwa kila mzigo, jibu ni hapana. Ofisi inayogomboa makontena 30 kwa mwezi ingekuwa na chaneli 30 mpya kila mwezi, na hakuna ambaye angezifuatilia. Mzigo ni uzi, si chaneli. Kwa mteja, jibu linategemea watu. Chaneli mpya huhitajika pale ambapo jambo linajirudia kila wiki na linahusu watu fulani walewale ambao si wa chaneli iliyopo. Mteja mkubwa mwenye timu yake ndani ya ofisi anastahili chaneli. Mteja wa kontena mbili kwa mwaka hastahili. Chaneli iliyokaa miezi miwili bila neno iwekwe kwenye kumbukumbu kwa amri ya `/archive`. Jumbe zake huendelea kupatikana kwa kutafuta, ila yenyewe huondoka machoni pa watu.

Kila chaneli ina sehemu ya mada juu yake, ambayo wengi huiacha tupu. Hapo ndipo pa kuandika kinachoruhusiwa na kisichoruhusiwa, kwa amri ya `/topic`. Kwa `#mz-bandari` mstari mmoja unatosha: "Uzi mmoja kwa kila faili. Nambari ya faili ianze. Malipo yaombwe #of-malipo." Mgeni aliyeajiriwa jana hana haja ya kuuliza taratibu, anazisoma.

Nyuzi ndizo zenye faida kubwa kuliko kitu kingine chochote ndani ya Slack, na ndizo zinazovunjwa haraka zaidi. Uzi ni majibu yaliyofungwa kwenye ujumbe mmoja. Hayatokezi kwenye chaneli. Anayeyataka hubofya ujumbe wa mwanzo na kuyasoma pembeni. Hivyo chaneli ya mizigo, kwa anayeifungua asubuhi, huonekana kama daftari la mafaili yaliyo wazi, kila mstari faili moja, na maneno yote yaliyosemwa juu ya faili hilo yako nyuma ya mstari wake. Lakini hali hiyo hupatikana tu kama ujumbe wa kwanza umeandikwa kwa nia ya kuwa kichwa cha uzi. "Jamani ile kontena vipi?" si kichwa cha uzi. Hiki hapa ndicho:

```
FAILI 412 | kontena 1, futi 40 | vipuri vya mashine
Kwenda: Lubumbashi kupitia Tunduma
Siku za bure bandarini zinaisha: 10 Machi
Anayeshika: @jina
```

Mistari minne hiyo inatosheleza. Nambari ya faili hurahisisha kutafuta baadaye. Anayeandika `in:#mz-bandari 412` kwenye sehemu ya kutafutia anafika moja kwa moja. Tarehe inawekwa kwenye kichwa kwa sababu ndiyo inayoleta hasara. Jina la mtu mmoja linawekwa mwisho kwa sababu faili lenye wenyewe watatu halina mwenyewe.

Faili hilo likifuatwa siku nzima, faida na mipaka ya uzi huonekana. Saa tatu asubuhi dawati la nyaraka linaandika kichwa. Saa nne forodha wanauliza kwa nini uzito kwenye ankara ni kilo 18,400 na kwenye hati ya mzigo ni kilo 18,040. Swali linaandikwa ndani ya uzi, akitajwa mwenzao anayewasiliana na mteja. Kwa kutajwa, simu yake inaita. Wengine wote chanelini hawasikii kitu, na hawakuhitaji kusikia. Anabandika alama ya macho, `:eyes:`, chini ya swali, maana yake ameliona na analishughulikia. Hakuna haja ya kuandika "sawa boss naona", wala ya mwulizaji kuuliza tena baada ya nusu saa. Saa saba mchana mteja anatuma ankara iliyorekebishwa. Inaingizwa kwenye folda, kiungo chake kinabandikwa kwenye uzi, na alama ya macho inabadilishwa kuwa ya vema, `:white_check_mark:`. Mhasibu anatajwa kwa ajili ya malipo, ombi lenyewe likiwa limewekwa `#of-malipo`, kwa kuwa yeye hufanya kazi akitazama foleni yake mwenyewe na si mafaili ya wenzake.

Saa kumi mzigo unaachiliwa. Hapa pana kosa ambalo hufanywa na karibu kila ofisi mpya. Habari hiyo ikiandikwa ndani ya uzi tu, mpangaji wa malori haioni, kwa sababu hakuwahi kuandika kwenye uzi huo wala kutajwa humo. Slack huwaarifu walioshiriki kwenye uzi au waliochagua kuufuata, basi. Ndiyo maana chini ya sehemu ya kuandikia jibu kuna kisanduku kinachosomeka `Also send to` na jina la chaneli. Kikiwekewa alama, jibu hilo moja hutokea pia chanelini. Kisanduku hicho ni cha matokeo: "FAILI 412 imeachiliwa, lori lipangwe." Si cha mabishano ya uzito. Mwisho wa siku chaneli imepata mistari miwili juu ya faili 412, wa kufungua na wa kuachiliwa, na ndani ya uzi mna majibu kumi na mawili ambayo yalikuwa ya watu wanne tu.

Lori likishafungwa lakiri na kuanza safari, unafunguliwa uzi mpya `#mz-tunduma`, ukiwa na kiungo cha uzi wa kwanza. Kuendeleza uzi uleule kungeonekana ni nadhifu zaidi, lakini walioko mpakani ni watu wengine, wenye maswali mengine, na wasingependa kupitia hadithi ya kilo 360 ili kujua lori limefika Mbeya au bado. Kanuni hiyo hutumika popote: watu wakibadilika, uzi ubadilike. Vivyo hivyo uzi unapopotoka. Mtu akianza kuulizia faili 415 ndani ya uzi wa 412, asijibiwe humo. Afunguliwe uzi wake, abandikiwe kiungo. Bila ukali huo mdogo, baada ya mwezi mmoja hakuna atakayepata kitu kwa kutafuta.

Dalili ya kwamba nyuzi zimekufa huonekana kwa kutazama chaneli dakika moja. Jumbe fupi zinafuatana zenyewe kwa zenyewe, "imeshatoka?", "ipi?", "ile ya jana", "nimekuuliza ya juzi". Dawa yake si semina. Ni mtu mmoja, kwa kawaida mkuu wa dawati, anayejibu kila ujumbe uliopotea kwa kufungua uzi chini yake, siku baada ya siku, bila kulaumu. Wakati fulani watu hufuata mkono wake bila hata kujua wamefundishwa.

Arifa zinahitaji uangalifu wa aina nyingine, kwa kuwa hapo kila mtu ana mamlaka juu ya simu yake na ofisi inaweza kushauri tu. Slack humpa mtu ngazi tatu kwa kila chaneli: kuarifiwa kila ujumbe, kuarifiwa akitajwa, au kutoarifiwa kabisa. Kwa ujumla ngazi ya pili ndiyo ya kuanzia kila mahali. Ngazi ya kwanza ibaki kwa chaneli moja tu ambayo ndiyo kazi ya mtu huyo: aliyeko Tunduma aiweke kwenye `#mz-tunduma`, mhasibu kwenye `#of-malipo`. Mwenye kuiweka ngazi hiyo kwenye chaneli saba atakuwa amesikia mlio mara nyingi sana kufikia adhuhuri, na kuanzia hapo mlio haumwambii kitu.

Kunyamazisha ni hatua ya mbali zaidi. Chaneli iliyonyamazishwa, kwa amri ya `/mute` iliyoandikwa ndani yake au kwa kupitia mipangilio yake, hufifia kwenye orodha na haikolezwi maandishi hata ikiwa na jumbe mpya. Mtu bado ni mwanachama, bado anaweza kuifungua na kuitafuta apendavyo, na akitajwa kwa jina bado huonekana tarakimu kando ya jina la chaneli, japo simu hailii. Wengi hawalijui hilo la mwisho, wakaogopa kunyamazisha wakidhani watakosa lililowahusu. `#soga` inyamazishwe na kila anayeshika faili, asubuhi hadi jioni. Aliyeko Tunduma anaweza kunyamazisha `#mz-bandari` bila hasara, mradi wenzake wa bandarini wanajua kwamba wakimtaka lazima wamtaje. Sharti hilo ndilo linalofanya kunyamazisha kuwe salama: ofisi nzima ikubaliane kwamba asiyetajwa hakuambiwa. Anayeandika "naomba mtu wa Tunduma aangalie" bila kutaja jina hajamwomba mtu, na lawama isimwendee aliyenyamaza.

Kati ya kutajwa na kunyamaza kuna kifaa kidogo ambacho husahauliwa: maneno maalumu. Mtu anaweza kuiorodheshea Slack maneno ambayo, yakiandikwa popote kwenye chaneli alizomo, aarifiwe kana kwamba ametajwa. Mpangaji wa malori angeorodhesha "imeachiliwa", "lori", "malori", "lakiri". Kiswahili kinadai tahadhari hapa, maana neno hubeba viambishi mbele. Umoja na wingi vyote viandikwe, na vitenzi viandikwe katika maumbo yanayotumika kweli ofisini. Maneno yakizidi saba au manane, kifaa hugeuka kuwa kelele ileile iliyokimbiwa.

Kuwataja wote kwa pamoja ni silaha ya kugawiwa kwa kipimo. `@channel` huwaarifu wanachama wote wa chaneli, walioko mezani na wasiokuwapo. `@here` huwaarifu walio hewani wakati huo tu. Tofauti ni kubwa saa tatu usiku. Kuna taarifa chache mno zinazostahili `@channel`: bandari imefungwa kwa saa kadhaa, mfumo wa forodha umegoma, ofisi haitafunguliwa kesho. Kikao kimesogezwa dakika kumi? `@here` inatosha. Keki iko jikoni haistahili yoyote kati ya hizo, ingawa ndiyo hutangazwa kwa nguvu zote. Mipangilio ya eneo la kazi humruhusu mwenyewe kuwawekea mipaka wanaoweza kutumia alama hizo, na katika ofisi ya watu 18 mipaka hiyo iwekwe tangu mwanzo.

Sasa `#dharura`. Chaneli hii ndiyo pekee ambayo watu wote 18 wanaombwa kuiacha kwenye ngazi ya kwanza na kamwe wasiinyamazishe. Bei ya ombi hilo ni kwamba kinachoandikwa humo kiwe kweli dharura, yaani jambo ambalo mtu akilijua baada ya saa moja hasara imeshapatikana: lori limepata ajali, lakiri imekatika njiani, kontena limezuiwa na siku za bure zinaisha usiku huu. Maelezo yote baada ya ujumbe wa kwanza yaende ndani ya uzi. Chaneli ikipata ujumbe mara mbili kwa mwezi, inafanya kazi. Ikipata mara mbili kwa siku, imekufa, na aliyeiua kwa kawaida ni kiongozi anayeitumia kuharakishia mambo yake.

Usiku una mpangilio wake. Slack ina saa za kutosumbuliwa, ambazo arifa hukusanyika bila kulia. Kwa kawaida huanzia saa nne usiku hadi saa mbili asubuhi, na kila mtu anaweza kuzibadilisha. Programu huhesabu saa kwa mtindo wa kimataifa, kwa hiyo anayetaka kuanza kutosumbuliwa saa moja usiku achague `7:00 PM`. Wapo waliochagua `1:00` wakashangaa simu inalia usiku na kunyamaza mchana. Watu wa zamu bandarini wapange saa zao kwa zamu zao. Kwa walioko mpakani kuna jambo la ziada. Tunduma na Nakonde zimetenganishwa na mstari tu, lakini Zambia, sawa na Lubumbashi, iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, na simu inaweza kunasa mtandao wa upande wa pili ikabadilisha saa yake. Mwenye kufanya kazi hapo aiwekee akaunti yake saa za Dar es Salaam kwa mkono. Anayetaka kuandika usiku jambo la kesho aliandike, kisha alipangie kutumwa saa mbili asubuhi. Kitufe cha kupangia kiko kando ya kile cha kutumia, na wenzake watalala.

Kuna njia mbili za kujua kama arifa za ofisi zimekaa sawa. Watu wakipigiwa simu kuambiwa mambo ambayo tayari yameandikwa chanelini, ama wamenyamazisha kupita kiasi ama hawatajwi. Na ikigundulika kwamba mtu ameizimia Slack nzima arifa kupitia mipangilio ya simu yenyewe, kosa ni la ofisi. Hakuna anayefanya hivyo mpaka amesumbuliwa kwa muda mrefu, na akishafanya, hata `#dharura` haimfikii. Hali hiyo ni mbaya kuliko kundi la WhatsApp lililoachwa.

Kuhusu namna ya kuandika, tatizo la kwanza kwa wasemaji wa Kiswahili ni salamu. Mtu huandika "Habari za asubuhi", husubiri aitikiwe, huandika "Samahani", husubiri tena, na ombi hutokea baada ya robo saa. Kila kipande kimelia kwenye simu ya mwenzake. Kuifuta salamu si dawa. Anayemwandikia mkubwa wake wa umri bila "Shikamoo" atapata mzigo wake, ila atakuwa amepoteza kitu kingine. Salamu, ombi na tarehe ya mwisho viingie kwenye ujumbe mmoja: "Shikamoo mzee. Naomba risiti ya malipo ya faili 412 kabla ya saa nane, lori linasubiri." Aliyeandikiwa anaitika na kutenda kwa mkupuo mmoja. Kwenye kompyuta, `Shift` na `Enter` pamoja hushusha mstari bila kutuma, na wengi hutuma vipande vipande kwa kutojua hilo tu.

Sauti zilizorekodiwa zinapendwa, na kwa dereva au mtu aliye juani bandarini ni halali. Ila anayetuma sauti aandike chini yake mstari mmoja wa kilichosemwa, pamoja na nambari ya faili. Mhasibu aliye kwenye kikao hawezi kusikiliza dakika mbili, na anayetafuta miezi miwili baadaye hatajua afungue sauti ipi.

Jumbe za watu wawili wawili nazo zina mahali pake: mambo binafsi, maonyo, hali ya afya. Mambo ya mafaili yakihamia huko, ofisi hurudi palepale ilipokuwa. Mtu mmoja akiugua siku tatu, mafaili yake manne hayana historia ambayo mwenzake anaweza kuisoma. Anayeulizwa juu ya faili kwa faragha anaweza kujibu kwa adabu, "Niulize kwenye uzi wa 412 ili na wengine waone," na kulijibu humo. Nywila za mifumo zisiandikwe popote, hata faraghani. Picha za pasipoti na leseni za madereva pia zisibandikwe chanelini. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na nakala iliyoonwa na watu 18 haina aliyeitunza.

Kuhama kutoka WhatsApp kufanywe kwa tarehe moja. Ofisi inayotumia vyote viwili "kwa muda" huishia kutumia WhatsApp, kwa sababu ndiko mazoea yaliko. Siku hiyo ikifika, msimamizi wa kundi la zamani hubadilisha mipangilio yake ili wasimamizi pekee waweze kuandika. Kundi linabaki kama kumbukumbu. Mafaili yaliyo wazi hufunguliwa nyuzi na dawati la nyaraka siku moja kabla, ili asubuhi watu wakute kazi yao iko tayari huko. Wateja na madereva hawahami, na hakuna sababu ya kuwalazimisha. Wataendelea kutuma picha na maswali kwa WhatsApp, na kila anayeshika faili ana wajibu wa kuandika kwenye uzi kile alichoambiwa, siku hiyohiyo.

Baada ya mwezi mmoja orodha ya chaneli ipitiwe na mtu mmoja mwenye mamlaka ya kufunga. Katika ofisi ya watu 18, chaneli zikizidi kumi na mbili, baadhi yake hazina kazi.